Kwa nini dawa ya sonona huchelewa kuponya, na kwa nini huwahi kuumiza ikiachwa ghafla

Swali: "Daktari, nimetumia sitalopramu miligramu 20 kwa miezi kumi na moja. Nilipoianza, wiki tano zilipita bila nafuu, nikaambulia kichefuchefu tu na kukosa usingizi. Baadaye nilipona vizuri, na wiki iliyopita nikaamua kuacha mara moja. Siku tatu za kwanza sikusikia kitu. Siku ya nne nikaanza kizunguzungu, ndoto za kutisha, kulia bila sababu, na kitu kama umeme unaopita kichwani kila nikigeuza macho. Leo ni siku ya sita. Je, ugonjwa umerudi, au nimekuwa mtumwa wa dawa? Na inakuwaje dawa iliyochelewa hivyo kunisaidia iwe na haraka hivi ya kuniadhibu?"

Dalili unazozieleza ni za kuacha dawa ghafla, na katika maelezo yako sioni jambo linaloonyesha kwamba sonona imerudi. Kabla hujasoma zaidi, panga kuwasiliana leo au kesho na daktari aliyekuandikia dawa hiyo, umweleze uliacha siku gani na dalili zilianza siku gani. Katika hali kama yako hatua ya kawaida ni kurudishwa kwenye dozi uliyokuwa ukitumia, kisha kupanga upya namna ya kuiacha, na wengi hupata nafuu ndani ya siku chache tu baada ya kurudi. Endapo yatakujia mawazo ya kujidhuru, au utaona mwili hautulii kiasi cha kushindwa hata kukaa kitini, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mwombe mtu wa karibu awe nawe.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, kwa sababu kuchelewa kule na haraka hii vina chanzo kimoja.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sitalopramu haichelewi kufika inakotakiwa. Seli za neva huwasiliana kwa kemikali, na serotonini ni mojawapo. Seli moja huitoa kwenye mwanya mwembamba uliopo kati yake na seli jirani, serotonini hugusa vipokezi vya upande wa pili na kupitisha ujumbe, kisha pampu zilizo kwenye utando wa seli iliyoitoa huifyonza na kuirudisha ndani ili itumike tena. Sitalopramu, pamoja na jamaa zake kama fluoksetini, setralini na paroksetini, huziba pampu hizo, hivyo serotonini hukaa kwenye mwanya kwa muda mrefu zaidi. Uzibaji huo huanza saa chache baada ya kidonge cha kwanza. Kwa mtu anayetumia miligramu 20 kila siku, takribani asilimia 80 ya pampu huwa zimezibwa, kama picha za ubongo zilizopigwa kwa mitambo maalumu zilivyoonyesha, na kiasi cha dawa katika damu hutulia kwenye usawa wake baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo wiki yako ya kwanza ilipokwisha, dawa ilikuwa imefika na pampu zimezibwa, nawe bado ulikuwa hoi. Muda uliobaki ulitumiwa na ubongo wenyewe kujirekebisha.

Kichefuchefu cha siku zile za mwanzo ni ushahidi kwamba dawa ilikuwa imeshaanza kazi. Karibu asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili imo katika utumbo, na vipokezi vya huko, pamoja na vile vya sehemu ya ubongo inayosimamia kutapika, huitikia ongezeko la serotonini papo hapo. Vipokezi hivyo baadaye huzoea, na ndiyo maana kwa watu wengi kichefuchefu hupungua chenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Ni bahati mbaya ya dawa hizi kwamba mgonjwa huonja karaha yake kabla ya faida yake. Nimeona wengi wakiziacha katika wiki ya pili, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema kwamba mambo yatakwenda kwa mpangilio huo.

Kuhusu nafuu yenyewe, maelezo yanayofahamika vizuri zaidi yanaanzia kwenye shina la ubongo. Seli zinazotengeneza serotonini ni chache ukilinganisha na ukubwa wa ubongo, nazo zimekusanyika katika mafungu yaitwayo rafe, ambako hutoa nyuzi ndefu zinazofika karibu kila sehemu ya ubongo. Seli hizo zina breki ya kujidhibiti. Kwenye mwili wa kila seli kuna vipokezi vya aina ya 5-HT1A vinavyopima serotonini iliyopo hapo karibu, na ikizidi, huilazimisha seli kupunguza kasi ya kurusha ishara. Kidonge cha kwanza kinapoziba pampu, serotonini huongezeka kwenye ncha za nyuzi na vilevile kuzunguka mwili wa seli, breki hukamata, seli hupunguza kasi, na matokeo yake ni kwamba serotonini inayotolewa kule mbali, ambako inahitajika kwa ajili ya hisia na fikra, haiongezeki kwa kiwango ambacho mtu angetarajia. Kwa maneno mengine, katika siku za mwanzo ubongo hupambana na dawa.

Mapambano hayo huisha taratibu. Vipokezi vya breki vikichokozwa kila siku hupoteza makali: baadhi huondolewa kwenye utando na kuingizwa ndani ya seli, na vinavyobaki huitikia kwa unyonge. Katika wanyama wa maabara jambo hili huchukua wiki mbili hadi tatu, muda ambao unakaribiana na ule ambao wagonjwa wengi huanza kusema kwamba wanajisikia afadhali. Seli hurudi kwenye kasi yake ya kawaida wakati pampu zikiwa bado zimezibwa, na hapo ndipo serotonini kwenye ncha za mbali huongezeka kwa dhati.

Kama breki ndiyo sababu pekee, ingetosha kuizuia tangu siku ya kwanza na uchelewaji ungetoweka. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti walilijaribu wazo hilo kwa kuchanganya dawa za sonona na pindololi, dawa ya shinikizo la damu ambayo huziba pia vipokezi vya 5-HT1A. Matokeo yalitofautiana: baadhi ya majaribio yalionyesha nafuu iliyowahi kidogo, mengine hayakuonyesha tofauti yoyote, na mtindo huo haukuingia katika tiba ya kawaida. Mimi nalithamini sana jaribio hilo kwa sababu linatuzuia kuridhika na maelezo mepesi. Breki ni sehemu ya kisa, na baada yake kuna kazi nyingine inayoendelea ndani ya seli.

Kazi hiyo ni ya ujenzi. Serotonini ikiongezeka kwa muda, seli zinazoipokea hubadili jeni zinazotumika, hutengeneza protini zinazolisha miunganisho kati ya seli, na miunganisho hiyo hukua na kuimarika, hasa katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu na pia na kudhibiti mfumo wa mwili wa kukabiliana na mfadhaiko. Mwaka 2003 watafiti waliwapiga panya mionzi kwenye hipokampasi ili kuzuia seli mpya zisizaliwe humo, kisha wakawapa fluoksetini. Katika panya hao dawa ilishindwa kuleta mabadiliko ya tabia iliyoyaleta kwa panya wengine. Panya si binadamu, na si busara kuhamisha matokeo hayo kwetu moja kwa moja, lakini yanasaidia kuelewa kwa nini jambo hili hupimwa kwa wiki. Protini lazima itengenezwe, na muunganisho wa seli lazima ukue.

Kuna tabaka jingine ambalo naliona la kuvutia kuliko yote. Catherine Harmer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oksifodi wamechunguza namna watu wanaotumia dawa hizi wanavyosoma nyuso za wengine. Mtu mwenye sonona huelekea kuona chuki au huzuni kwenye uso usio na lolote, na hukumbuka maneno ya lawama kuliko ya sifa. Baada ya dozi chache tu, wakati mwingine hata moja, upendeleo huo huanza kugeuka: uso wenye furaha hutambuliwa kwa urahisi zaidi, ingawa ukimuuliza mtu mwenyewe atakuambia hajisikii tofauti yoyote. Kugeuka huko peke yake hakumwondolei mtu huzuni. Inabidi akutane na watu siku baada ya siku, asalimiwe, ajibiwe vizuri, afanye kazi yake na kuona kwamba haikuharibika, mpaka mambo madogo hayo yarundikane na kubadili namna anavyojihisi. Kwa mtazamo huu, wiki zako tano zilikuwa pia wiki za kujifunza upya, na hilo linaeleza kwa nini mtu aliyejifungia ndani peke yake muda wote anaweza kuchelewa zaidi kuona faida ya kidonge kile kile.

Huenda uliambiwa kliniki kwamba una upungufu wa serotonini na kwamba kidonge kinajaza pengo hilo. Maelezo hayo ni rahisi kuyatoa katika dakika chache, lakini mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti wa kuyaunga mkono, na hata bila mapitio hayo, mantiki yenyewe inagoma: kama tatizo lingekuwa pengo la kujazwa, ungepona wiki ya kwanza. Hilo halifuti faida ya dawa. Linaonyesha kwamba dawa huanzisha mabadiliko, na kwamba nafuu hutokana na mabadiliko hayo.

Niongeze jambo moja kwa faida ya wanaoanza sasa. Kusema kwamba dawa huchukua wiki kadhaa hakumaanishi kwamba hakuna dalili yoyote njiani. Wengi ambao dawa itawafaa huonyesha mwelekeo fulani ndani ya wiki mbili za kwanza: usingizi unatengemaa, hamu ya kula inarudi, hasira zinapungua, na mara nyingi wanaoishi na mgonjwa huyaona hayo kabla yake. Ikiwa wiki nne zimepita kwenye dozi inayotosha na hakuna hata dalili ndogo ya namna hiyo, daktari anapaswa kuangalia upya matibabu badala ya kuendelea kungoja tu. Vijana walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu zaidi katika wiki hizo za mwanzo, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kipindi hicho.

Turudi kwako. Kwa miezi kumi na moja ubongo wako ulijipanga kwa kuzingatia kwamba pampu nne katika kila tano zimezibwa. Vipokezi vilipunguza makali, seli zikarekebisha kasi, na mpangilio huo ukawa ndio hali yako ya kawaida. Ulipoacha, pampu zilianza kufunguka na kufyonza serotonini kwa nguvu, ilhali vipokezi vilivyolegea havikuweza kurudi siku hiyo hiyo. Marekebisho yaliyojengwa kwa wiki hubomolewa kwa wiki, na kwa baadhi ya watu kwa miezi, lakini dawa yenyewe huondoka mwilini kwa siku chache. Dalili zako zinatokana na tofauti hiyo ya mwendo.

Hata zile siku tatu za utulivu zina maelezo yake. Sitalopramu iliyomo mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 35 hivi. Tuchukue siku uliyoruka kidonge cha kwanza kuwa mwanzo wa kuhesabu. Baada ya saa 24, dawa iliyobaki mwilini mwako ilikuwa sawa na ya mtu anayetumia miligramu 12 kwa siku. Baada ya siku mbili, miligramu 8 hivi. Baada ya siku tatu, chini kidogo ya miligramu 5. Dawa ilikuwa imepungua kwa robo tatu, na bado ulikuwa mzima. Sababu ni kwamba uzibaji wa pampu haushuki sambamba na dawa. Miligramu 20 huziba asilimia 80 hivi ya pampu, miligramu 9 bado huziba asilimia 70, na miligramu 5 huziba karibu asilimia 60. Kwa hiyo siku ya tatu ulikuwa umepoteza kama robo tu ya uzibaji uliouzoea. Kuanzia hapo mteremko unakuwa mkali: siku ya nne dawa ilibaki sawa na miligramu 3, na uzibaji ukashuka chini ya nusu, siku ya tano ilikuwa miligramu 2 kasoro, na uzibaji kama theluthi moja, leo, siku ya sita, umebaki na robo hivi. Haya ni makadirio, kwa kuwa ini la kila mtu lina kasi yake ya kuvunja dawa na wazee huivunja polepole zaidi, lakini yanalingana vizuri na siku uliyoitaja wewe mwenyewe.

Uhusiano huo usio wa mstari ulionyooka una sababu rahisi. Pampu zote zikiwa wazi, kiasi kidogo cha dawa hupata mahali pa kushika kwa urahisi, na hivyo miligramu mbili tatu za kwanza hufanya kazi kubwa kupita kiasi. Zikishazibwa nyingi, dawa inayoongezwa hugombea zile chache zilizobaki. Kumbuka jambo hili, kwa maana ndilo litakaloamua namna ya kuacha safari ijayo.

Dalili zenyewe hazitokei ovyo. Dawa hizi hukandamiza kipindi cha usingizi ambacho ndoto nyingi huotwa, na zikiondoka ghafla kipindi hicho hurudi kwa wingi kuliko kawaida, ndipo zinapokuja ndoto ndefu, zenye rangi kali na za kutisha. Serotonini hushiriki pia katika mifumo ya kuhimili mwili wima, ya tumbo na ya kutawala hisia, kwa hiyo kizunguzungu, kichefuchefu, machozi yasiyo na sababu na hasira za ghafla ni vitu vya kutarajiwa. Ule umeme kichwani, unaokuja hasa macho yakigeuzwa upande, ni mojawapo ya dalili zinazotambulisha hali hii kwa urahisi zaidi, kwa sababu sonona yenyewe haina kitu kama hicho. Unatisha, lakini si kifafa. Ingekuwa kwamba unapoteza fahamu, mwili unakakamaa, au upande mmoja umelegea, ningekuambia habari tofauti kabisa na ningekutaka uende hospitali mara moja.

Dawa nazo zinatofautiana sana katika jambo hili. Venlafaksini hupungua kwa nusu ndani ya saa 5 hivi, na kemikali inayotokana nayo ndani ya saa 11, kiasi kwamba baadhi ya wanaoitumia huhisi kizunguzungu jioni kwa sababu tu walisahau kidonge cha asubuhi. Paroksetini ina tatizo la ziada: huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja, hivyo kadiri inavyopungua ndivyo kizuizi hicho kinavyolegea na ndivyo inavyozidi kuondoka haraka. Fluoksetini iko upande wa pili. Yenyewe na kemikali inayotokana nayo huchukua siku nyingi kupungua, zaidi ya wiki kwa baadhi ya watu, kwa hiyo hujipunguza yenyewe polepole, na dalili zikija huja zikiwa hafifu na zimechelewa. Mwaka 1998 lilichapishwa jaribio ambalo watu waliokuwa wakiendelea vizuri na dawa walibadilishiwa vidonge kwa vidonge bandia visivyo na dawa kwa siku 5 hadi 8, bila kujua ni siku zipi. Waliokuwa kwenye paroksetini na setralini walipata dalili nyingi, na waliokuwa kwenye fluoksetini hawakuathirika kwa kiasi cha kutajika. Kwa kuwa hawakujua ni lini dawa iliondolewa, ni vigumu kusema kwamba dalili zile zilikuwa za kudhania.

Hata hivyo kudhania kupo, na haki inataka niseme hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2024 yaliona kwamba takribani mtu 1 kati ya 3 walioacha dawa za sonona alipata angalau dalili moja, lakini pia takribani mtu 1 kati ya 6 walioacha vidonge bandia. Ukitoa hao, wanaoathiriwa na dawa yenyewe ni karibu 1 kati ya 6 au 7, na wenye dalili kali ni kama 1 kati ya 35. Kutumia dawa kwa muda mrefu, kutumia dozi kubwa na kuacha kwa mkupuo huelekea kuongeza uwezekano huo, na wewe una mawili kati ya hayo matatu.

Kutofautisha hali hii na kurudi kwa sonona ni kazi muhimu, maana ukikosea hapa utajikuta unameza dawa miaka mingi usiyoihitaji, au unaiacha huku ugonjwa ukiwa unarudi kimyakimya. Kwanza tazama muda. Dalili za kuacha huanza ndani ya siku chache, ilhali sonona inayorudi huchukua wiki au miezi, ikiingia polepole. Kisha tazama sura ya dalili: umeme kichwani, kizunguzungu na kichefuchefu ni vya kuacha, kukata tamaa, kujiona huna thamani na kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda ni vya sonona. Kulia na wasiwasi havikusaidii, vinapatikana pande zote mbili. Kinachotenganisha kuliko vyote ni mwitikio wa kurudishiwa dawa. Dalili za kuacha hupungua ndani ya siku moja hadi tatu, wakati sonona, kwa sababu zile nilizoeleza, ingekungojesha wiki kadhaa tena. Hatari ya sonona kurudi nayo ni ya kweli: katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021, likiwahusisha watu waliotumia dawa kwa muda mrefu na kujiona wazima, asilimia 56 ya walioacha walirudiwa na ugonjwa ndani ya wiki 52, na miongoni mwa walioendelea na dawa walikuwa asilimia 39. Unaweza kuzisoma takwimu hizo pande zote mbili, na ndiyo maana uamuzi wa kuacha unahitaji mazungumzo na daktari anayeijua historia yako, ikiwemo idadi ya vipindi vya sonona ulivyowahi kupitia.

Kuhusu utumwa, jibu langu ni hapana, ingawa naelewa kwa nini umeuliza. Mtu aliyetekwa na kilevi hukitamani, huongeza kiasi ili apate raha ile ile, na hukifuata hata kinapomharibia maisha. Wewe umekaa miezi kumi na moja kwenye miligramu 20 zile zile, na huitamani dawa. Unataka kizunguzungu kiishe. Ulichonacho ni mazoea ya mwili, ambayo hutokea pia kwa baadhi ya dawa za moyo zikiachwa ghafla. Sipendi, lakini, namna baadhi ya wenzangu wanavyotumia tofauti hii kupuuza malalamiko ya wagonjwa. Mwili uliozoea dawa huumia ikiondolewa, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Ukisharudishwa kwenye dozi na ukatulia kwa wiki kadhaa, kupunguza kutapangwa kwa kufuata ule mteremko. Mtu hudhani kwamba kutoka 20 kwenda 10, kutoka 10 kwenda 5, kisha kutoka 5 kwenda sifuri ni hatua zinazozidi kuwa ndogo. Kwenye pampu mambo ni kinyume: hatua ya kwanza hupunguza uzibaji kutoka asilimia 80 hadi 70 na kitu, ya pili huufikisha karibu 60, na ya tatu huondoa hizo 60 zote kwa mpigo. Ndiyo sababu wengi husema nusu ya kwanza ilikuwa rahisi na kipande cha mwisho kikawashinda, kisha wakaamini kwamba hawawezi kuishi bila dawa. Hatua zinazolingana kwenye pampu zingekuwa takribani miligramu 20, 9, 5, 3.5, 2.5, 1.5, kisha chini ya 1, ndipo sifuri, ukikaa kwenye kila hatua wiki mbili hadi nne na kusonga mbele pale tu ambapo dalili zimetulia. Si kila mtu anahitaji ngazi zote hizo. Kwako, kwa kuwa mwili wako umeshaonyesha unavyoitikia, ningezitumia.

Vidonge haviwezi kukatwa vipande vidogo hivyo kwa uhakika, kwa hiyo mwombe daktari akuandikie dawa ya maji. Mojawapo ya aina zake ina miligramu 2 katika kila mililita, ambapo mililita 5 ni miligramu 10, mililita 2.5 ni miligramu 5, na nusu mililita ni miligramu 1, nayo hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Aina ya matone ina nguvu tofauti na haihesabiwi kwa namna hiyo, hivyo soma chupa pamoja na mfamasia kabla ya kupima. Usijaribu kumeza kidonge siku moja na kuruka siku inayofuata ukidhani umepunguza nusu, kwa sababu dawa itapanda na kushuka kila baada ya siku mbili, na kadiri utakavyoongeza siku za kuruka ndivyo utakavyourudia mteremko ule ule uliokupata juma hili.

Weka daftari dogo, uandike tarehe ya kila hatua, dozi yake, na dalili za kila siku kwa kuzipa alama kuanzia 0 hadi 10. Dalili zikipanda siku ya tatu hadi ya saba baada ya kupunguza kisha zikaanza kushuka, hatua ilikuwa ya kiasi kinachofaa na unaweza kungoja zitulie. Zikiendelea kuwa kali baada ya wiki mbili, rudi kwenye hatua iliyotangulia, na safari ijayo ushuke kwa nusu ya ulivyoshuka.